Mgonjwa akikubali hatumuulizi, akikataa tunamwita daktari wa akili. Hii imekaaje?

MuuguziZamu (mleta mada)

Wakuu, nina jambo limenikaa kichwani, naomba tulijadili kwa utulivu.

Nafanya kazi wodi ya upasuaji. Kuna kipindi tulikuwa na wagonjwa wawili vitanda vimepakana, mzee na mama mtu mzima. Wote wana kisukari, wote mguu mmoja umeoza kuanzia vidoleni, na uambukizo umeanza kupanda. Wote wakaambiwa kitu kilekile: mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itaingia kwenye damu.

Mzee akasema hapana. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu, alisema tu hataki. Haukupita muda akaitwa daktari wa magonjwa ya akili kuja kumpima kama ana uwezo wa kuamua. Akaulizwa leo ni siku gani, yuko wapi, akatajiwa vitu vitatu avikumbuke. Faili lake likaandikwa kurasa nzima.

Mama akasema, "Sawa tu daktari, nyie ndio mnajua." Akaweka dole gumba kwenye fomu, imekwisha hiyo. Jioni nikiwa namfunga kidonda nikamuuliza, mama, kesho unaenda kufanyiwa nini? Akanijibu kwa furaha kabisa kwamba anaenda kusafishwa kidonda. Nikamuuliza mguu utakuwaje baada ya hapo. Akaniambia utapona, si ndiyo maana unasafishwa.

Nilimwita daktari arudi amweleze upya. Lakini fikirieni, kama nisingeuliza ningemkuta kesho yake anaamka mguu haupo.

Sasa swali langu halihusu nani alikuwa sahihi kati ya wale wawili. Kama uwezo wa kuamua ni kitu kilichomo ndani ya mtu, kwa nini tunautilia shaka kwa anayekataa tu? Wanaosoma falsafa ya maadili ya tiba wanasemaje hapo?

Mpita Njia

Pole na kazi mkuu. Mimi naona hapo mnajisumbua. Mtu asiyejitambua ndugu ndio wanasaini. Mtoto mkubwa aitwe, asaini, mzee aingie chumba cha upasuaji. Uhai kwanza.

MuuguziZamu

Mpita Njia, nashukuru, ila yule mzee alikuwa anajitambua vizuri. Anazungumza, anajua wanawe, anajua yuko wapi. Habari ya ndugu kusaini inakuja baada ya kuamua kwamba mwenyewe hawezi, na mimi nauliza hilo la kwanza tunaliamuaje.

DaktariWaKisu

Niwajibu kama mtu wa kisu. Huu si upendeleo wala ubabe wa madaktari. Mama aliyekubali, hata kama hakuelewa vizuri, amekubali kitu kinachomwokoa. Mzee aliyekataa, kama hakuelewa, anakufa. Kosa upande mmoja ni dogo, upande wa pili halirekebishiki. Kwa hiyo hatari ikiwa kubwa, uwezo tunaoudai nao unapanda. Wala sijalitunga mimi hili, wanafalsafa Buchanan na Brock waliliandika mwaka 1989 na wengi wanalifuata.

Halafu tuwe wakweli. Mtu mwenye akili timamu anakubali kufa kwa sababu ya mguu? Kule kukataa kwenyewe ni dalili.

Mwalimu wa Maadili

Daktari, aya yako ya kwanza ina watetezi wakubwa, na Buchanan na Brock wamo. Aya ya pili wao wenyewe wangeikataa. Walichosema ni kwamba kiwango cha uwezo kinapimwa kwa jinsi mtu alivyofika kwenye uamuzi: ameelewa nini, anapimaje, anajali nini. Chaguo lenyewe haliwezi kuwa ushahidi kwamba mchaguaji hana uwezo. Likiwa ushahidi, basi haki ya kukataa inabaki kuwa haki ya kukubali tu, kwa sababu kila anayekataa atakuwa amejiondoa mwenyewe kwenye orodha ya wenye uwezo. Chaguo la kushangaza linaweza kutufanya tuulize zaidi. Jibu la hayo maswali ndilo lenye uzito.

Kwa bahati, kuna kesi za mguu uliooza zinazofanana mno na hii ya mleta mada, na mahakama zilitoa majibu tofauti. Nizieleze, maana ukiziweka pamoja unaona kinachotafutwa hasa.

Ya kwanza ni ya Uingereza, mwaka 1993, ikaripotiwa 1994. Mgonjwa anajulikana kama C. Alikuwa na miaka 68, mgonjwa wa skizofrenia kwa miaka mingi, amefungwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili wenye makosa ya jinai. Mguu ukaoza. Daktari wa upasuaji akasema usipokatwa, nafasi yake ya kupona ni kama asilimia 15. C akakataa. Na si kwamba alikuwa mzima kichwani, aliamini kwamba yeye ni daktari mashuhuri duniani ambaye hajawahi kupoteza mgonjwa.

Jaji Thorpe hakuuliza kama C ana ugonjwa wa akili, hilo lilikuwa wazi. Aliuliza mambo matatu. Je, anaelewa na kukumbuka habari anazopewa kuhusu tiba hii? Je, anaziamini? Je, anaweza kuzipima na kufika kwenye uamuzi? C aliwaelewa madaktari. Alikubali kwamba anaweza kufa, ila aliona hatakufa kwa mguu ule na akasema afadhali afe na miguu miwili kuliko aishi na mmoja. Jaji akaona njozi zake hazikuwa zimeugusa uamuzi huu. Akazuia mguu usikatwe bila ridhaa ya C mwenyewe ya maandishi. Akatibiwa kwa kuondolewa nyama iliyokufa, na mguu ukatulia.

Ya pili ni ya Tennessee, Marekani, mwaka 1978. Mary Northern, mama wa miaka 72 aliyekuwa akiishi peke yake, miguu yote miwili iliharibika kwa baridi kali na kuungua. Huyu hakuwa mgonjwa wa akili wa miaka mingi kama C. Aliongea vizuri, mambo mengine aliyaelewa vizuri. Lakini alikataa kukatwa miguu, na ukimwonyesha miguu ilivyo myeusi, hakukubali kwamba imekufa. Kwake ulikuwa uchafu tu, na miguu itapona. Alitaka kuishi, na alitaka kubaki na miguu. Mahakama ikasema kwenye jambo hili hana uwezo.

Waangalieni hao wawili. Mwenye skizofrenia alionekana ana uwezo, na asiye na skizofrenia akaonekana hana. Kilichowatofautisha ni kwamba C alijua anachagua kati ya vitu gani. Mary Northern alichagua kitu ambacho hakikuwepo mezani, yaani kuishi na miguu ile. Uamuzi wake haukuwa na bei, kwa sababu bei yenyewe hakuiona. Kama angesema, "Najua imekufa, najua itaniua, na bado siikati," sidhani kama tungekuwa na sababu ya kumzuia.

DaktariWaKisu

Nimekuelewa kuhusu chaguo na njia ya kulifikia, sawa. Ila C alipona kwa bahati. Angekufa wiki ile, leo ungekuwa unaitumia hiyo kesi kama mfano mzuri?

Mwalimu wa Maadili

Ningeitumia vilevile. Jaji aliamua bila kujua mguu utaishaje, na uamuzi wake haukusimama juu ya kupona. Napenda hata watu wanaoifundisha wasiikimbilie ile sehemu ya kupona, maana inawafanya wasikilizaji wafikiri C alishinda kwa sababu utabiri wake ulikuwa sahihi. Alishinda kwa sababu mguu ulikuwa wake na alielewa anachokifanya.

MuuguziZamu

Mwalimu, hapo nimefaidika sana. Lakini bado hujagusa swali langu. Mama aliyekubali! Yeye pia alichagua kitu ambacho hakikuwepo mezani. Alikubali kusafishwa kidonda. Kwa kipimo cha Mary Northern, na yeye hakuwa na uwezo wakati ule, au tuseme hakuwa na habari. Mbona hakuna aliyeuliza?

Mwalimu wa Maadili

Uko sahihi, na kuna kesi ya tatu inayosema hivyohivyo. Massachusetts, 1978 pia. Bi. Candura, mjane wa miaka 77, kisukari, mguu wa kulia umeoza. Alikubali kukatwa, akabadilisha mawazo, akakubali tena, akakataa tena. Alikuwa na huzuni tangu mumewe afariki, hakutaka kuwa mzigo kwa wanawe, na hakutaka kumalizia maisha akiwa hajiwezi. Binti yake akaenda mahakamani apewe mamlaka ya kumwamulia, na mahakama ya chini ikampa. Mahakama ya rufaa ikatengua. Majaji walisema uamuzi wake unaweza usiwe wa busara machoni pa wengine, lakini haukutoka kwa mtu asiyeelewa. Kisha wakataja jambo ambalo mleta mada ameliona wodini: wakati alipokuwa amekubali, hakuna aliyeutilia shaka uwezo wake. Shaka ilianza siku alipoondoa ridhaa.

Sasa kwenye falsafa. Hoja ya Buchanan na Brock ikifuatwa mpaka mwisho inaleta kitu kigumu kumeza: mtu mmoja, saa ileile, kwa tiba ileile, anaweza kuwa na uwezo wa kukubali lakini asiwe na uwezo wa kukataa. Mwanafalsafa Wicclair aliwapinga kwa hilo mwaka 1991. Ukimwambia mgonjwa "tunakuachia uamue", halafu jibu moja linahesabika na lingine halihesabiki, hujamwachia kitu.

Mimi nafikiri kosa liko mahali padogo. Kuna maswali mawili yanayochanganywa. La kwanza, mtu anahitaji uwezo kiasi gani? La pili, mimi ninayempima nahitaji uhakika kiasi gani kwamba anao? Mtu anayetaka kuvuka mto kwa kuogelea anahitaji ujuzi uleule, maji yawe na mamba au yasiwe nao. Kwenye mamba wewe unayemruhusu ndiye unayetaka kumwona akiogelea mara mbili tatu kabla hujakaa pembeni. Hatari inapandisha uhakika unaodaiwa. Haipandishi uwezo unaodaiwa.

Ukikubali hivyo, daktari anaruhusiwa kumchunguza mzee kwa makini zaidi, arudi kesho, aulize kwa namna nyingine. Lakini haruhusiwi kumwekea mtihani mgumu kuliko wa mama. Na mama naye lazima avuke kiwango cha chini kilekile: ajue ni mguu gani, unakatwa, haurudi.

DaktariWaKisu

Nakubali nusu. Kwenye karatasi, "uhakika" na "uwezo" ni vitu viwili. Wodini mimi sina kipimo cha damu cha uwezo. Nina maswali na majibu tu. Nikisema nataka uhakika zaidi, nitauliza maswali magumu zaidi, na nikiuliza maswali magumu zaidi, tayari nimepandisha kiwango. Hiyo tofauti yako naiona inayeyuka mkononi.

Na jambo lingine: kukataa kunaweza kuwa kazi ngumu zaidi kiakili. Anayekubali anaweza kuegemea kwa daktari anayemwamini. Kumwamini mtu anayejua ni njia halali ya kuamua, sote tunafanya hivyo. Anayekataa anakwenda kinyume na ushauri, kwa hiyo lazima abebe hesabu yote mwenyewe.

Mwalimu wa Maadili

Hoja ya kuegemea ni nzuri kuliko ile ya hatari, na sina jibu la kuimaliza. Naongeza tu kwamba kuegemea nako kuna sharti lake. Mama wa mleta mada hakumwamini daktari kuhusu kukatwa mguu, kwa sababu hakujua mguu unakatwa. Mtu akisema, "Najua mnaukata, sijui mengine, nawaamini," huyo kwangu ametoa ridhaa. Akisema "sawa" kwa kitu kingine, hakuna ridhaa hapo, hata fomu iwe na dole gumba kumi.

Kuhusu maswali magumu, si lazima yawe magumu. Yanaweza kuwa yaleyale, yakaulizwa mara mbili kwa siku mbili.

Binti wa Mzee

Samahani naingilia, mimi si mtu wa tiba. Namuuguza baba yangu ana ugonjwa wa kusahau, na ameshauriwa upasuaji wa ngiri. Asubuhi ukimwuliza anasema ndiyo, anaeleza vizuri kabisa, eti inamsumbua akiinama na anataka itolewe. Jioni anasema hakuna mtu atakayemgusa na anauliza ngiri gani. Daktari mmoja aliniambia baba hana uwezo, niamue mimi. Roho inanisuta. Nichukue ndiyo ya asubuhi kwa sababu ndiyo ninayoitaka?

MuuguziZamu

Dada yangu pole. Hili tunaliona kila siku. Wagonjwa wa kusahau wengi jioni huchanganyikiwa zaidi. Wewe usichague jibu, chagua saa. Mwombe daktari aje asubuhi, baba akiwa amekula, amelala vizuri, amevaa miwani na kifaa cha kusikia kama anacho, redio imezimwa. Na kabla ya hapo wahakikishe hana kitu kinachomvuruga akili kwa muda: uambukizo wa mkojo, sukari kushuka, chumvi ya damu kushuka, dawa mpya ya usingizi au ya maumivu. Nimeona mzee ameandikwa "hana uwezo" Jumatatu, akatibiwa mkojo, Alhamisi anabishana na daktari kwa hoja.

Halafu asiulizwe "unakubali?" Hilo linajibika hata na mtu aliyelala. Aulizwe: niambie kwa maneno yako unaumwa nini. Tunataka kufanya nini? Usipofanyiwa unafikiri itakuwaje? Na kwa nini umechagua hivyo? Jibu la swali la mwisho lina mambo mengi kuliko vipimo vyote vya tarehe na mwezi. Mtu anaweza asijue leo ni tarehe ngapi na akajua vizuri kwamba hataki kufa akiwa amelazwa.

Mwalimu wa Maadili

Muuguzi amesema yote ya lazima. Naongeza mawili. Kwanza, uwezo hauko kwa mtu mzima mzima, uko kwa uamuzi fulani, wakati fulani. Baba anaweza asiweze kuamua habari za mirathi na akaweza kuamua habari ya ngiri. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 imejengwa hivyo: unaanza kwa kudhani mtu anaweza, unamsaidia kwa kila njia inayowezekana, na uamuzi usio wa busara peke yake haumwondolei uwezo. Hata kukumbuka, inatosha akumbuke kwa muda wa kuamua. Kusahau jioni hakufuti alichokipima asubuhi.

Pili, kinachonipa wasiwasi si kwamba baba anasahau. Ni ile "hakuna atakayenigusa". Asubuhi mbili tatu zikitoa jibu lilelile kwa sababu ileile, mimi ningeiamini asubuhi. Lakini kama kila jioni anaogopa, hofu hiyo itakuwepo saa za kwenda chumba cha upasuaji na usiku baada yake, na ni ya kwake pia. Lazima ipangiwe, hata kama haiamui.

Binti wa Mzee

Asanteni sana. Na kama asubuhi nazo zikiisha? Siku atakapokuwa hawezi kabisa, si ndipo neno lake linakuwa halina maana tena?

Mwalimu wa Maadili

Hapana. Hapa ndipo watu wengi wanateleza, hata madaktari. Mwaka 2015 Uingereza kulikuwa na kesi ya Bwana B, miaka 73, ugonjwa wa akili wa muda mrefu, kisukari, mguu umeoza. Alisikia sauti za malaika na za Bikira Maria. Asipokatwa mguu angekufa ndani ya siku chache. Jaji Peter Jackson alikubali kwamba B hana uwezo wa kuamua jambo hili. Kwa fikra ya kawaida, kesi imekwisha, akatwe. Jaji akaenda kumtembelea hospitalini, akaongea naye, kisha akakataa kuruhusu upasuaji. Sababu yake ni kwamba kukosa uwezo hakuzimi matakwa ya mtu, hisia zake wala imani zake. Ukiuliza lipi lina heri kwa B, lazima uulize kwa B huyu, anayependa kujitegemea na ambaye sauti zile ni sehemu ya maisha yake ya miaka mingi. Kukata mguu kwa nguvu na kumlinda baada ya hapo kulikuwa na gharama ambayo yeye ndiye angeilipa.

Kwa hiyo dada, siku hiyo ikifika utakuwa unaamua, lakini bado utakuwa unamsikiliza.

DaktariWaKisu

Hiyo ya B ndiyo inanisumbua kuliko zote. Northern alitaka kuishi, mahakama ikasema hana uwezo, uamuzi ukaondoka kwake. B hana uwezo, uamuzi ukabaki kama alivyotaka. Basi kipimo cha uwezo kilisaidia nini? Kama tutayapima matakwa ya mtu kwa kina namna hiyo hata akiwa hawezi, tungeanza na hayo moja kwa moja.

Mwalimu wa Maadili

Kuna wanaosema hivyo, na kuna waliokwenda mbali zaidi wakataka kipimo cha uwezo kiachwe kabisa. Mimi bado nakitaka kwa sababu moja: kwa C, jaji hakuwa na ruhusa ya kuuliza kama uamuzi una heri kwake. Mlango ulifungwa pale alipoonekana anaelewa. Kwa B, mlango ulikuwa wazi, jaji akaingia, na kwa bahati alikuwa jaji msikivu. Jaji mwingine angeweza kuingia mlango uleule akatoka na kibali cha kukata. Mwenye uwezo hahitaji bahati hiyo.

Mpita Njia

Nimesoma tena kuanzia juu. Narudi na swali. Yule mzee wa kwanza, daktari wa akili alisema nini?

MuuguziZamu

Alisema ana uwezo. Alimwuliza kwa nini hataki, swali ambalo sisi wote hatukuwa tumeuliza. Mzee akasema kaka yake alikatwa mguu na akafa kidonda kikiwa hakijapona, kwa hiyo haoni kama kukata ni kupona. Walimwelezea tofauti ya hali yake na ya kaka yake, akasikiliza, akauliza maswali, akakataa tena. Nisingependa kuendelea zaidi ya hapo kwa sababu ni habari zake.

Mama, alipoelezwa upya na daktari kwamba mguu unakatwa, alilia sana, akaomba siku moja afikirie. Wapo waliosema nimechelewesha matibabu. Swali la DaktariWaKisu la kuegemea bado nalifikiria, kwa sababu siku iliyofuata alisema tena "nyie ndio mnajua", safari hii akijua ni mguu. Tuliipokea. Mwenye mawazo tofauti kuhusu hilo alete, uzi bado uko wazi.